Ujumbe wa siku ya kwanza: mpe askari wa getini ausome kwanza

Assalamu aleikum, na habari za asubuhi. Wengi wenu mshanisikia nikilisema hili, na wale wa Shela naona washaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaliacha siku nitakayopita kwenye nyumba zenu za wageni nisimkute mfanyakazi mpya amekaa barazani nje, bahasha mapajani, hana wa kumpokea.

Ujumbe wenyewe mnaujua, maana mnautuma nyinyi. Unakwenda Jumamosi usiku kwa WhatsApp: "Ripoti Jumatatu saa mbili kamili bila kukosa. Muulize meneja. Beba stakabadhi zote." Ukimuuliza aliyeuandika, atakwambia haukupungua kitu. Saa imo, mtu yumo, vitu vimo. Haya, tufuatane na aliyeupokea.

Ni binti wa jikoni, kwao Mpeketoni, amepanga chumba Mokowe. Hoteli siitaji. Usaili wake ulikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, wakati wa bamvua, maji yamekupwa. Alishuka gatini hapa Amu, akashika ufuko kwa miguu, na kwa dakika kama 40 yuko Shela, viatu vikavu. Akajua njia ndiyo hiyo.

Jumatatu akavuka mapema, akaishika njia ileile. Sasa nyinyi mnajua kwamba maji hayana miadi na mtu. Kila siku yanasogea mbele kwa dakika kama 50. Alhamisi yalijaa kama saa kumi alfajiri. Ongeza siku nne, ni muda wa saa tatu na dakika 20, kwa hiyo Jumatatu yanajaa saa moja na dakika 20 asubuhi, na hapo ndipo yeye yuko katikati ya njia. Alipofika penye ukuta, mawimbi yanapiga ukutani. Akarudi nyuma kutafuta boti. Boti ya kushirikiana haijajaa, ya kukodi peke yake hana pesa nayo, basi akangoja abiria. Getini alifika saa mbili na nusu, sketi imelowa mpaka magotini. Na jikoni wameshasema: huyu siku ya kwanza tu amechelewa, mwezi wa tatu itakuwaje?

Kuna bwana hapa ataniambia, mwalimu, mtu wa Amu anajua maji. Anajua, naam. Lakini wewe hukumwajiri mtu wa Amu! Umemwajiri mtu wa bara, na siku ya usaili ulimwona ameingia na viatu vikavu, ukaridhika. Anayejua maji ni wewe unayeandika ujumbe. Ni sentensi moja tu: "Usipite ufukweni, maji yatakuwa yamejaa, panda boti ya Shela gatini saa moja kasorobo."

Tena hiyo saa mbili ni saa mbili wapi? Wewe unakusudia saa mbili awe jikoni, amevaa aproni, ameosha mikono. Yeye anasoma saa mbili getini. Kati ya geti na jikoni kuna kuandikwa kwenye daftari la askari, kuonyeshwa pa kuweka mkoba, kutafutiwa sare inayomtosha. Hiyo ni nusu saa, na hakuna aliyeihesabu. Andika saa ya getini, iwe saa moja na nusu, basi. Na ukiandika "8" tupu, usishangae mtu akakujia baada ya adhuhuri.

Lakini tuseme hakuchelewa. Tuseme maji yalikupwa akafika mapema. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. "Muulize meneja." Meneja yuko wapi Jumatatu asubuhi? Ameenda Manda, uwanja wa ndege, kupokea wageni. Askari anasema, meneja hayupo. Binti anasema, niliambiwa nije kazini. Askari anasema, mimi sikuambiwa. Na askari hana kosa hata kidogo! Amewekwa pale kuwazuia watu asiowajua, na huyu hamjui. Binti anapiga simu, meneja yuko botini, mashine inanguruma, hasikii. Basi anakaa barazani mpaka saa nne, na jikoni wanaosha vyombo wakilalamika hawana mtu.

Ndiyo maana nasema, kabla hujamtumia mfanyakazi, mpe askari wa getini asome. Askari ataona papo hapo kisichofaa. Ukiandika "muulize Mohamed", atakucheka: Mohamed yupi? Hapa Amu ukiita Mohamed wanageuka watano, na yule unayemtaka pengine getini hajulikani kwa jina hilo, anajulikana kwa lakabu. Andika jina analoitwa, na kazi yake: yule wa stoo, yule wa mapokezi. Kisha fungua ratiba ya zamu uhakikishe mtu huyo yuko kazini saa hiyo. Nimeona mtu akielekezwa kwa mwenye mapumziko siku hiyo. Weka na wa pili, kwa sababu wa kwanza anaweza kuumwa. Na kama askari wako hubadilishana saa kumi na mbili, uliyemwambia jioni ya Jumapili si yule atakayefungua geti. Jina la mgeni liandikwe kwenye daftari la getini, mwingine alikute.

"Mtu mzima atauliza mwenyewe." Haulizi, bwana. Aliyepata kazi juzi anaogopa swali lisije likamwonyesha mjinga. Atajibu "Sawa, asante", na wewe utadhani ameelewa.

Naona mwenye ukumbi ananionyesha saa. Vitu vya kubeba, basi, haraka haraka. "Stakabadhi zote" ndiyo iliyomfanya yule binti abebe vyeti vyake tangu darasa la nane na akaacha cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Bila hicho jikoni haingii. Kinatolewa na afya ya umma baada ya vipimo, kinadumu miezi 6, kwa hiyo kitajwe siku ya kumwajiri. Ukikitaja Jumamosi usiku, Jumapili atakipata wapi? Hali kadhalika cheti cha tabia njema, kina alama za vidole na kungojea.

Kitambulisho: aje na chenyewe na nakala. Ukitazame, ukirudishe mkononi mwake palepale. Wale mnaovifungia kwenye droo mpaka mwisho wa mwezi, tutazungumza nje. PIN ya KRA, nambari za NSSF na SHA, hizo ni za mishahara. Makato yake hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hivyo akizisahau siku ya kwanza atume kwa simu. Usimrudishe mtu Mokowe kwa ajili ya nambari.

Nilimwandikia meneja yule ujumbe mwingine, nausoma:

"Karibu. Jumatatu fika getini saa moja na nusu asubuhi. Usipite ufukweni, maji yatakuwa yamejaa. Panda boti ya Shela gatini saa moja kasorobo, nauli tutakurudishia. Askari ana jina lako. Muulize Bi Mkubwa wa stoo. Kama hayupo, mpishi wa zamu. Beba kitambulisho na nakala, cheti cha afya, na viatu vya kufunika vidole. Sare tunakupa. PIN, NSSF na SHA, wiki hii. Ukikwama, piga simu ya mapokezi, si yangu, mimi nitakuwa Manda."

Nilitaka kusema la chakula cha mchana, kama atakula kazini au abebe, lakini muda umekwisha. Yule bwana wa nyuma alikuwa na swali tangu zamani.