Mshumaa kwa mshumaa: namna ya kuonyesha kuzaliwa tena kwa Wabudha bila nafsi inayohama

Ili kurekodi onyesho hili kwa video, weka mezani vitu vinne: shati, kipande cha mshumaa mwekundu kilichobaki sentimita 2 hivi, mshumaa mweupe mzima, na kibiriti. Rangi mbili zina sababu, utaiona mbele. Zima feni na ufunge dirisha, maana upepo kidogo tu utaharibu hatua ya nne.

Kabla ya kuwasha chochote, tusafishe neno. Ukisema "kuzaliwa mara ya pili", Waswahili wengi watasikia kuokoka. Wengine watakumbuka babu aliyerudi kwa mjukuu aliyepewa jina lake. Hapa hatuzungumzii hayo. Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, kina neno punabbhava: puna ni "tena", bhava ni "kuwa". Kuwa tena, basi. Neno lenyewe halimtaji mtu anayeondoka hapa kwenda kule, na onyesho letu lote linalinda jambo hilo.

Hatua ya kwanza ni shati. Vaa, vua, vaa jingine. Mfano huu umo katika Bhagavad Gita, andiko la Wahindu, sura ya 2, aya ya 22: mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba kama mtu anavyovua nguo zilizochakaa na kuvaa mpya, ndivyo mwenye mwili anavyoacha miili iliyochakaa na kuingia mingine. Waulize watazamaji wako: nini kimebadilika? Nguo. Nini hakijabadilika? Mvaaji. Huyo mvaaji ndiye atmani, nafsi isiyozaliwa wala kufa. Hiyo ndiyo nafsi kuhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Usipite haraka hapa, kwa sababu karibu kila kosa litakalotokea baadaye ni mtu kulirudia shati bila kujua.

Hatua ya pili: mtafute mvaaji. Budha alimgawa mtu katika mafungu matano. La kwanza ni mwili. La pili ni hisia, yaani kuonja jambo kama raha, karaha au katikati. La tatu ni utambuzi, ule unaosema "hii ni nyekundu, huyu ni shangazi". La nne ni misukumo ya nia: kutaka, kukusudia, mazoea. La tano ni ufahamu, kule kujua tu kwamba kitu kipo mbele ya jicho, sikio au akili.

Sasa lipime kila fungu kwa kipimo alichokitoa huko Isipatana, karibu na Varanasi, alipowafundisha watawa watano wa kwanza. Kama fungu hili lingekuwa nafsi yangu, ningeweza kuliamuru: liwe hivi, lisiwe vile. Jaribu kwa vitendo. Mbu amekuuma mkononi. Iamuru hisia ya muwasho iwe tamu. Haikubali. Funga macho uiamuru akili isilete wazo lolote kwa dakika moja. Kabla ya sekunde kumi umeshafika sokoni. Mwili usioze jino, ufahamu usizimike usingizini: wapi. Na kila fungu linabadilika muda wote, kwa hiyo hakuna kinachofaa kuitwa mvaaji wa kudumu.

Hapa watu huteleza kuelekea upande wa pili na kusema, "Kumbe Budha anafundisha kwamba mimi sipo." Hapana. Mtu yupo kama mto ulivyo: una jina, unavuka mikoa, unaweza kukuzamisha. Kinachokataliwa ni kiini kisichobadilika kilichojificha chini ya hayo yanayobadilika.

Hatua ya tatu: washa mshumaa mwekundu, kisha ungoje. Mfano tunaoutumia umo katika Milinda Panha, mazungumzo ya mtawa Nagasena na Mfalme Milinda. Milinda ni yule Menanda, mfalme wa Kigiriki aliyetawala katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na makao yake yalikuwa Sagala, katika Punjabi ya sasa. Nagasena anamuuliza: mtu akiwasha taa ikawaka usiku kucha, mwali wa zamu ya kwanza ndio ule ule wa zamu ya katikati? Mfalme anasema hapana. Basi, taa ya zamu ya kwanza ilikuwa moja na ya alfajiri nyingine? Hapana, taa ni ile ile, mwanga umetokana nayo usiku kucha.

Ndiyo maana tumesema ungoje. Itazame nta inavyopanda kwenye utambi, inaungua, inaisha, nyingine inaifuata. Moto wa sasa umeshika kutoka kwa ule uliotangulia, lakini hauna chembe uliyoitunza tangu ulipowashwa. Mtazamaji akilikubali hili kwa mshumaa mmoja, kazi ngumu imeisha. Mtoto aliyekuwa chekechea na mzee anayedai pensheni wanahusiana namna hiyo hiyo, na hakuna aliyekufa katikati. Ukiiruka hatua hii na kukimbilia kifo, kuzaliwa tena kutaonekana kama mazingaombwe.

Hatua ya nne ni kupokezana. Kipande chekundu kikikaribia kuisha, leta utambi wa mshumaa mweupe kwenye ukingo wa mwali, uushikilie hapo. Utambi mpya umepakwa nta, kwa hiyo hautashika papo hapo. Usiukandamize ndani ya moto, utauzima. Ukishika, uondoe taratibu na uache chekundu kijizimie. Usisaidie kwa kiberiti kingine, maana moto ukitoka pembeni hakuna tena uhusiano wa sababu kati ya mishumaa miwili.

Jihadhari pia nta nyekundu isidondokee ile nyeupe. Tone moja likianguka, mtazamaji ataonyesha kidole: "Hicho hapo kimehama!" Futa uanze upya. Mshumaa mweupe unapaswa kuwaka bila kipande chochote cha ule mwekundu, na mwali wake utakuwa mrefu au mfupi kulingana na utambi na nta yake yenyewe. Hivyo ndivyo rangi mbili zinavyokusaidia: mwili mpya unatoka kwa wazazi wapya, na kilichotoka upande wa zamani ni kuwashwa tu. Katika mafundisho, kinachowasha ni karma, na Budha aliifafanua karma kuwa ni nia.

Mfano una mpaka wake, useme wazi. Mshumaa wa kwanza ungeweza kuendelea kuwaka, au kuwasha kumi kwa pamoja. Maisha ya mtu hayafanyi hivyo. Ndiyo sababu tulichagua kipande kinachokaribia kuisha. Na Wabudha wenyewe hawakubaliani kuhusu muda wa kupokezana: Watheravada, yaani wale wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, wanasema wakati wa mwisho wa akili unafuatwa mara moja na wa kwanza wa maisha mapya, ilhali Watibeti wanazungumzia kipindi cha kati kinachoweza kufika siku 49.

Hatua ya tano: uliza swali. Moto wa mweupe ni ule ule wa mwekundu, au ni mwingine? Waache wabishane. Jibu la Nagasena ni "si yule yule, wala si mwingine", na kwa masikio mengi linaonekana kukwepa. Lifanye lionekane kwa kesi aliyompa mfalme. Mtu amepanda ghorofani na taa ili ale chakula. Taa imeshika nyasi za paa, paa likaunguza nyumba, nyumba ikaunguza kijiji. Wanakijiji wamemkamata. Anajitetea: "Moto niliolia chakula ni mwingine, na uliounguza kijiji ni mwingine."

Pima utetezi wake. Kwamba miali ni miwili, amesema kweli. Ule wa taa ulikuwa mdogo na uliishia kwenye mafuta. Lakini mfalme anawapa haki wanakijiji, kwa sababu huu wa pili umetoka katika ule wa kwanza. Basi wajibu haukuhitaji moto uwe ule ule, ulihitaji mfululizo usiokatika. Anayesema "kama hakuna nafsi, nitende nitakavyo, atakayelipa ni mwingine" anatumia utetezi wa huyo mwenye taa neno kwa neno.

Sasa makosa mawili utakayokutana nayo kwenye maoni.

La kwanza ni werevu wa kusema: "Sawa, nafsi haihami, ila ufahamu unahama." Kosa hili lilifanywa na mtawa Sati, mtoto wa mvuvi, na Budha alimkaripia vikali. Akamrudisha kwenye moto: unaowaka kwa magogo huitwa moto wa magogo, unaowaka kwa majani huitwa moto wa majani. Vivyo hivyo, ufahamu unaotokana na jicho na rangi ni ufahamu wa jicho, unaotokana na sikio na sauti ni wa sikio. Sharti likiondoka nao umeondoka. Ukitaka kujua kama mtu ameelewa, msikilize kitenzi chake: akisema ufahamu "unaingia" au "unatoka", ameshalivaa shati tena.

La pili ni swali "Nani huzaliwa tena?" Mtawa Moliyafaguna aliuliza hivyo hivyo: nani anayehisi, nani anayetamani? Budha hakujibu kwa jina la mtu. Alisema swali halifai, akalirekebisha: uliza, kwa sababu ya nini hisia inatokea? Na wewe fanya hivyo. Ukiulizwa "nani aliwaka baada ya mwekundu?", geuza: mweupe umewaka kwa sababu ya nini?

Kuna atakayekumbusha kwamba Budha mwenyewe alisema anakumbuka maisha yake ya zamani. Ni kweli, na aliyasimulia kwa kusema "nilikuwa na jina hili". Ila alieleza pia kwamba anayekumbuka maisha ya zamani anakumbuka mafungu matano au mojawapo. Jina "mimi" hapo linafanya kazi kama jina la mto.

Hatua ya mwisho ni kuacha mshumaa mweupe uishe bila kuwashia mwingine. Kwa Wabudha nta ni kiu: kutaka, kung'ang'ania, kutaka kuwa. Vachagota, mtafuta ukweli aliyekuwa akitangatanga, alimuuliza Budha kuhusu moto uliokwenda mahali pasipo na kuni za kuonekana, akajibiwa kwamba hapo unashikiliwa na upepo, na kiumbe aliyeacha mwili huu na hajafika mwingine anashikiliwa na kiu. Siku nyingine aliulizwa aliyekombolewa huzaliwa wapi. Budha naye akamuuliza: moto ulio mbele yako ukizimika, umekwenda upande gani, mashariki, magharibi, kaskazini au kusini?

Vachagota akasema swali halishiki: ulikuwa ukiwaka kwa nyasi na kuni, hizo zimeisha, hakuna nyingine zilizoletwa. Acha kamera kwenye utambi mweusi mpaka moshi uishe.