Tazama Umesimama Wapi Kwenye Mti

Waalimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma, leo sianzi na maana ya uwezekano. Mnaijua. Nataka neno moja tu, "ikiwa".

Juzi mwanafunzi wa hapa Lamu alinitumia picha ya swali. Kivuli cha simu kimeangukia nusu ya karatasi, lakini lasomeka. Mashine A hutengeneza asilimia 60 ya balbu, na asilimia 3 ya balbu zake ni mbovu. Mashine B hutengeneza asilimia 40, na mbovu zake ni asilimia 5. Balbu imechukuliwa bila kuchagua, ikapatikana ni mbovu. Je, kuna uwezekano gani kwamba imetoka B?

Mti wake aliuchora vizuri: matawi mawili ya mashine, kisha kila moja likagawanyika kuwa mbovu na nzima. Chini akaandika 0.05. Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi hata nachoka!

Sikizeni. Karibu kila nahodha wa jahazi hapa Lamu ni mwanamume. Basi ukikutana na mwanamume pale gatini, utasema karibu hakika ni nahodha? Wapo wachukuzi, wapo wenye punda, wapo waliokuja kumpokea mgeni. Lakini mtoto akiambiwa asilimia 5 za B ni mbovu, ageuza papo hapo: asilimia 5 za mbovu ni za B. Ile 0.05 imesimama ndani ya B na kutazama ubovu. Swali limesimama ndani ya ubovu na kuitazama B.

Chukueni balbu 1,000. A imetengeneza 600, mbovu 18. B imetengeneza 400, mbovu 20. Sasa zitupeni nzima zote, maana tumeshaambiwa yetu ni mbovu. Mkononi zimebaki 38, na 20 kati yake ni za B. Jibu ni 20/38, yaani 10/19, kama 0.53.

Mtaniambia, "Mwalimu, mtihani hautaji balbu 1,000." Sawa, fuateni matawi: 0.4 × 0.05 ni 0.02, na 0.6 × 0.03 ni 0.018. Jumla ni 0.038, na 0.02 ÷ 0.038 yaleta jibu lile lile. Wengine huishia 0.02. Hiyo ni sehemu ya balbu zote ambazo ni za B na tena mbovu. Hamjagawanya, basi nzima bado hamjazitupa.

Na tazameni: A hutengeneza nyingi zaidi, lakini mbovu ikipatikana, B ndiyo ya kushukiwa kwanza, ingawa kwa tofauti ndogo. Mkiishia 0.02 peke yake, hilo hamlioni.

Muda unakwisha, sehemu ya mwisho naipita mbio. Ikiwa balbu ni nzima? Msitoe 10/19 kwenye 1. Mkitoa mtapata 9/19, nayo ni ya A ikiwa mbovu. Rudini kwenye mti: nzima za A ni 582, za B ni 380, jumla 962. Basi B ni 380/962, kama 0.395, karibu sawa na ile 0.4 tuliyoanza nayo, kwa sababu mashine zote mbili hutoa balbu nzima kwa wingi.