Namna ya kukokotoa ukubwa wa mkupuo wa uzalishaji: gharama za kuandaa mashine dhidi ya gharama za kuhifadhi bidhaa

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutakokotoa, hatua kwa hatua, idadi ya bidhaa ambayo kiwanda kinapaswa kuzalisha kwa mkupuo mmoja kabla ya kusimamisha mashine na kuiandaa kwa kazi nyingine. Mikupuo ikiwa midogo, mashine itaandaliwa mara nyingi na kila maandalizi yatakula fedha. Ikiwa mikubwa, maandalizi yatapungua lakini ghala litajaa bidhaa zilizokamilika ambazo zimefunga mtaji na zinahitaji kutunzwa. Tunachotafuta ni ukubwa wa mkupuo ambao jumla ya gharama hizo mbili ni ndogo kabisa.

Mfano wetu ni mashine inayotengeneza ndoo za plastiki kwa kutumia kalibu. Nitataja kiasi cha fedha bila jina la sarafu, ili kila mmoja aweke sarafu anayoitumia.

Hatua ya kwanza ni kuandika mahitaji na kasi ya mashine. Wateja wanachukua ndoo 60,000 kwa mwaka, na kiwanda kinafanya kazi siku 250, hivyo mahitaji ya kila siku ni ndoo 240. Mashine inapokuwa kazini hutoa ndoo 120 kwa saa, yaani ndoo 960 kwa siku ya saa 8. Ninawasihi mchukue kasi iliyopimwa kiwandani, ikiwa imeondolewa ndoo zenye kasoro na muda wa kusimama kwa dharura, wala si ile iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine, kwa sababu kibao hueleza uwezo wa mashine ikiwa katika hali bora kabisa.

Hatua ya pili ni gharama za maandalizi ya mkupuo mmoja, na hapa tutakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Kanuni ni moja: ingiza gharama ambayo itaongezeka ukiongeza mkupuo mmoja, na uache ile ambayo ingekuwapo hata kama mashine isingeguswa. Kwa ndoo zetu, mafundi wawili wanaolipwa kwa saa hufunga kalibu kwa saa 3, na kila saa ya fundi inagharimu 25, hivyo malipo yao ni 150. Kilo 30 za plastiki hupotea wakati wa kusafisha mabaki ya rangi iliyotangulia, na kwa bei ya 4 kwa kilo hiyo ni 120. Dawa ya kusafishia kalibu ni 60, na upimaji wa sampuli za mwanzo, unaolipiwa nje ya kiwanda, ni 120. Jumla ni 450. Uchakavu wa mashine na mshahara wa mwezi wa msimamizi hatukuviingiza, kwa kuwa havibadiliki, iwe tumeandaa mashine mara 5 au mara 20 kwa mwaka.

Lipo swali moja ambalo jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu: je, mashine hii ina muda wa ziada? Katika mfano wetu inao, kwa hiyo zile saa 3 za kusimama hazitunyimi mauzo yoyote. Lakini tuchukulie kwamba mashine imebanwa usiku na mchana na kila ndoo inayotoka inauzwa kwa ziada ya 4 juu ya gharama zake. Hapo kila maandalizi yangetupotezea ndoo 360, sawa na 1,440, na gharama ya kweli ya maandalizi ingekuwa 1,890 badala ya 450. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa mipango anapaswa kumwuliza meneja wa uzalishaji, kabla hata ya kushika kikokotoo, maana hakuna kitabu cha hesabu za kiwanda kitakachomwonyesha.

Hatua ya tatu ni gharama ya kuhifadhi ndoo moja kwa mwaka mzima. Anzeni na gharama inayobadilika ya ndoo, yaani malighafi, umeme na kazi ya moja kwa moja, ambayo kwetu ni 10. Kisha tafuteni asilimia ya kila mwaka: tumeweka asilimia 12 kwa mtaji uliofungwa, 4 kwa nafasi ya ghala na bima, na 4 kwa ndoo zinazopasuka au kufifia rangi. Jumla ni asilimia 20, kwa hiyo kuhifadhi ndoo moja kwa mwaka kunagharimu 2. Kanuni ya hatua iliyopita inatumika hapa pia: ikiwa ghala ni lenu na lina nafasi tupu isiyo na kazi nyingine, nafasi hiyo haiongezi gharama, ikiwa mnakodi kwa ukubwa wa eneo, inaongeza. Angalieni vilevile kwamba mahitaji na gharama ya kuhifadhi vinasomwa kwa kipindi kimoja. Mahitaji ya mwaka yakichanganywa na gharama ya kuhifadhi kwa mwezi, jibu litatoka zaidi ya mara tatu ya ukubwa unaofaa.

Hatua ya nne ni fomula yenyewe. Ford Harris alichapisha umbo lake la msingi mwaka 1913, akichukulia kwamba mzigo wote unaingia ghalani kwa wakati mmoja. Mashine haifanyi hivyo: ndoo zinaingia kidogo kidogo huku wateja wakiendelea kuzichukua. Ndiyo maana E. W. Taft, mwaka 1918, aliingiza kasi ya uzalishaji katika hesabu. Kwenye skrini mnaiona hivi:

Q = √(2DS / (H(1 − d/p)))

D ni mahitaji ya mwaka, S ni gharama ya maandalizi, H ni gharama ya kuhifadhi bidhaa moja kwa mwaka, d ni mahitaji ya siku na p ni kasi ya mashine kwa siku. Katika lahajedwali, wekeni D katika seli B1, S katika B2, H katika B3, d katika B4 na p katika B5, kisha andikeni:

```
=SQRT(2*B1*B2/(B3*(1-B4/B5)))
```

Kwa ndoo zetu, 240 ikigawanywa kwa 960 ni 0.25, hivyo kilichomo kwenye mabano ni 0.75. Maana yake ni kwamba katika kila ndoo 4 zinazotoka mashineni, moja inaondoka na mteja papo hapo na 3 zinabaki ghalani. Jibu la fomula ni ndoo 6,000 kwa mkupuo. Kama tungesahau mabano hayo, tungepata takriban 5,200.

Hatua ya tano ni kulihakiki jibu kwa kurudi kwenye gharama zenyewe. Mikupuo ya ndoo 6,000 inafanyika mara 10 kwa mwaka, na maandalizi yake yanagharimu 4,500. Akiba ya ghalani hufikia kilele cha ndoo 4,500, yaani robo tatu ya mkupuo, kisha hushuka hadi sifuri, hivyo wastani wake ni ndoo 2,250 na kuzihifadhi kunagharimu 4,500. Gharama mbili zimelingana, na jumla ni 9,000. Zisipolingana hata kidogo katika jedwali lenu, na hamjakadiria jibu, kuna seli iliyojazwa vibaya.

Sasa jaribuni ukubwa mwingine. Mkupuo wa 5,000 unatoa jumla ya 9,150, na wa 7,500 unatoa 9,225. Tofauti hazifiki asilimia 3. Lakini mkupuo wa 3,000 au wa 12,000 unapandisha jumla hadi 11,250, ambayo ni nyongeza ya asilimia 25. Kwa hiyo karibu na jibu, mchoro wa gharama ni kama sakafu ya bakuli pana: mnaweza kusogeza mkupuo ili ulingane na zamu kamili au na gunia zima la malighafi bila hasara ya maana. Ulinzi huo unaisha pale makosa yanapokuwa makubwa. Ile gharama ya 1,890 ya mashine iliyobanwa ingetupeleka kwenye mkupuo wa ndoo zipatazo 12,300, na ndiyo sababu swali la muda wa mashine halirukwi.

Hatua ya sita ni kupima jibu dhidi ya mipaka ya kiwanda. Mkupuo wetu unachukua siku 6.25 za mashine, na ndoo zake zinatosha siku 25. Ikiwa bidhaa nyingine zinatumia mashine hiyohiyo, jumlisheni siku za uzalishaji na za maandalizi za bidhaa zote. Zikizidi siku za kazi, majibu ya fomula hayatekelezeki hata kama kila moja ni sahihi peke yake. Zikitosha pia, ratiba inahitaji kupangwa kwa zamu, kwa sababu fomula haijui kwamba akiba za bidhaa mbili zinaweza kuisha siku moja.

Kisha kuna ghala. Tuseme nafasi iliyopo inatosha ndoo 3,600 tu. Msipunguze mkupuo hadi 3,600, kwa kuwa kinachojaza ghala ni robo tatu ya mkupuo. Gawanyeni 3,600 kwa 0.75 mpate mkupuo wa 4,800. Jumla ya gharama inakuwa 9,225, hivyo kikwazo cha ghala kinatugharimu 225 kwa mwaka. Anayependekeza kukodi ghala la pili kwa zaidi ya kiasi hicho, kwa ajili ya ndoo hizi pekee, atakuwa analipia nafasi isiyojilipa.

Mimi ningeelekeza nguvu kwenye maandalizi yenyewe. Kalibu ikipashwa joto kabla ya mashine kusimama, na vifaa vikiwekwa tayari kando yake, saa 3 za mafundi zinaweza kushuka hadi saa 1, na malipo yao yakawa 50. Rangi zikipangwa kutoka nyeupe kuelekea nyeusi, plastiki inayopotea hupungua. Tuseme inafika kilo 14.5, sawa na 58. Gharama ya maandalizi sasa ni 288. Rudini kwenye seli B2, badilisheni 450 iwe 288, na fomula itatoa 4,800, mkupuo uleule ambao ghala linauruhusu, kwa jumla ya gharama ya 7,200 kwa mwaka badala ya 9,225.