Kabla hujatia sahihi: saa ya kwanza ya lindo

(Mhadhara kwa askari wapya wa kampuni za ulinzi, uliotolewa Arua)

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kaeni, kaeni, leo hatupigi saluti. Naona wengine mmetoka moja kwa moja lindoni, macho mekundu, kwa hiyo sitawaweka sana. Nitazungumza juu ya saa moja tu, ile inayoanza saa kumi na mbili jioni unapofika langoni na mwenzako wa mchana tayari amevaa begi lake mgongoni.

Nimeichagua ya jioni kwa sababu ya jua. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa moja mwaka mzima, dakika chache huku au huku, na likishazama giza halicheleweshi. Kwa hiyo ukipokea lindo saa kumi na mbili una mwanga wa saa moja hivi. Usichokiona ndani ya saa hiyo utakitafuta kwa tochi usiku kucha, na tochi haikuonyeshi nyayo kwenye majani wala skrubu mpya kwenye mlango wa zamani.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nililinda godauni moja la ufuta. Nilifika jioni, mwenzangu akaniambia, “Kila kitu kiko sawa, kaka, tia sahihi hapa, boda ananingoja.” Nikatia. Kwenye kitabu cha matukio tuliandika maneno mawili tunayoyapenda sote: hali shwari. Asubuhi msimamizi wa godauni akapima dizeli ya jenereta, akakuta imepungua lita arobaini. Nani alikuwa na zamu? Sahihi ya mwisho ilikuwa yangu. Nilikatwa mshahara miezi miwili, na mpaka leo sijui kama dizeli ile iliondoka mchana au usiku. Nasikitika zaidi kwa hilo la pili. Ningekuwa nimepima saa kumi na mbili na nusu, ningejua.

Sasa, kitabu. Wengi mkikishika mnasoma mstari wa mwisho tu. Mimi nawaambia anzeni mwisho mrudi nyuma mpaka mfike kwenye sahihi yenu wenyewe ya mara ya mwisho. Kama ulikuwa likizo siku tatu, soma siku tatu. Haichukui hata dakika kumi. Na usisome kama gazeti. Tafuta kitu kimoja: jambo lililofunguliwa na halikufungwa. Gari limeingia, limetoka saa ngapi? Ufunguo wa stoo umechukuliwa, umerudishwa na nani? Jenereta imewashwa, imezimwa lini? Fundi ameingia kurekebisha paa, yuko wapi sasa hivi? Kila mlango wa maandishi ulioachwa wazi unaujua kabla mwenzako hajapanda boda, kwa sababu jibu liko kinywani mwake na akifika mjini ataizima simu.

Kitu cha pili kitabuni ni mwandiko. Ukiona raundi za 20:00, 21:00, 22:00, 23:00, zote saa kamili, kalamu ile ile, mistari imenyooka kama ya mwalimu, jua kwamba huyo aliziandika kwa mpigo mmoja amekaa kwenye kiti. Mtu anayetembea kweli hurudi 21:07 na 22:52, na mwandiko wake wa saa nane usiku haufanani na wa saa mbili. Mnacheka kwa sababu mnajijua.

Nimetaja saa nane usiku, basi tusimame hapo kidogo, maana hili ni ugonjwa wetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Askari mmoja anaandika “2.10 pikipiki imeingia.” Saa mbili ya nani? Kwa Kiswahili ni saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Kwa saa iliyo kwenye simu ni saa nane mchana au saa nane usiku. Hapo una saa nne tofauti kwa mstari mmoja, na polisi wakija kuuliza kila mtu atachagua inayomfaa. Zungumza unavyotaka, lakini kitabuni andika kwa saa ishirini na nne, kama simu inavyoonyesha. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00. Ukichanganyikiwa usihesabu vidole, nakili simu. Na kabla ya kuanza zamu hakikisha simu yako na ya mwenzako zinaonyesha saa ile ile. Nimeona zikipishana dakika kumi na mbili.

Ukimaliza kitabu, mnazunguka wawili, wewe na anayeondoka. Yeye ndiye anayejua lango la nyuma linakwama. Anzeni nyuma, kule kunakoingia giza mapema, kwenye kivuli cha ukuta na miembe. Lango kuu liwe la mwisho kwa sababu lina taa. Kwenye kila kufuli usiangalie tu, vuta. Halafu angalia kile kipande cha chuma kinachoshika kufuli na skrubu zake. Mwizi mwenye akili hagusi kufuli. Anafungua skrubu nne mchana, anaziacha zimeshikilia kidogo, usiku anakuja kuzing'oa kwa vidole, na kufuli lako linabaki limefungwa vizuri kabisa likining'inia hewani. Skrubu inayong'aa kwenye chuma chenye kutu, hiyo iandike.

Bunduki, kwa wale wanaobeba, ina utaratibu wake na mmeshafundishwa: mdomo upande salama, unahakikisha haina kitu, namba inasomwa, risasi zinahesabiwa moja moja mbele ya wote wawili. Siongezi kitu hapo.

Niwape kisa cha jenereta, cha pili, kilichonifundisha kuliko kile cha kwanza. Wakati huo nilikuwa supavaiza. Kijana mmoja alikuwa anapokea lindo jioni kwenye ua wenye jenereta. Tangi lake la nje lilikuwa la mraba mrefu, sentimita themanini kwa hamsini, kuta zimesimama wima. Piga hesabu: kila sentimita moja ya kina ni lita nne. Tulikuwa na kijiti cha kupimia, na kwenye jenereta yenyewe kuna mita inayohesabu masaa iliyofanya kazi. Kitabu cha asubuhi, 06:00, kilisema: kijiti sentimita 34, mita 2140. Kijana akapima 18:20: kijiti sentimita 22, mita 2142.

Zimepungua sentimita 12, ambazo ni lita 48. Jenereta imefanya kazi masaa mawili. Ile tuliijua, inakunywa kama lita nne kwa saa, basi imetumia lita nane. Arobaini ziko wapi? Jerikeni mbili za lita ishirini, kamili.

Kijana hakupiga kelele. Alirudi kitabuni. Akakuta mstari huu: 15:20, boda ameingia, ameleta maji, jerikeni mbili. Akatafuta alipotoka. Hakuna. Akamuuliza mwenzake, mwenzake akasema alitoka, alisahau kuandika. Alitoka na jerikeni? Ndiyo, tupu. Ulizishika? Kimya.

Sasa sikilizeni alichoandika, kwa sababu wengi wenu mngeandika “boda ameiba dizeli” na mngejitia kwenye kesi. Yeye aliandika: “18:20. Nimepima tangi la jenereta mbele ya askari wa mchana. Kijiti sm 22, mita 2142. Asubuhi 06:00 kitabu kinasema sm 34, mita 2140. Kitabu 15:20 boda ameingia na jerikeni mbili, saa ya kutoka haikuandikwa. Nimempigia supavaiza 18:26.” Wote wawili wakaweka sahihi. Alichokiona, alichokipima, aliyemwambia, basi. Aliyeiba ni nani, hiyo ilikuwa kazi ya watu wengine, na hata ingekuwa maji ya boda hayahusiki kabisa, mstari wa kijana ungebaki kweli. Mshahara wake haukuguswa, maana upungufu ulikuwa umeandikwa kabla ya sahihi yake ya kupokea.

Angalieni pia kipimo hiki kina mwisho wake. Jenereta ikiwa imeinama, kijiti kinadanganya. Ukipima ikiwa inafanya kazi, dizeli inatikisika. Kupungua kwa nusu sentimita usikimbilie kumwita mtu mwizi, hiyo ni lita mbili tu na mkono wako pia unatetemeka. Pima mahali pale pale, jenereta imezimwa, mara mbili.

Sasa raundi za usiku. Kila raundi ichukulieni kama kazi uliyotumwa: ina kuondoka, ina kurudi, ina ulichokigusa. Mstari wangu wa kawaida uko hivi: “Raundi ya 3. Nimetoka 22:41, nimerudi 22:55. Kufuli za godauni A na B nimezivuta, zimeshika. Taa ya kona ya kaskazini haiwaki. Nyuma ya choo sikufika, maji ya mvua yamejaa.” Huo wa mwisho ndio mnaoogopa kuandika. Mnadhani bosi atakasirika. Lakini yule wa raundi ya nne akisoma, au wewe mwenyewe, anajua pa kwenda kwanza. Na dakika zile zinapimika: kama ua wako unahitaji dakika kumi na mbili kwa mguu na kuvuta kufuli sita, raundi ya dakika tatu haikutembewa, hata mtoto ataona. Muda wa kutoka uandike kwenye karatasi ndogo mfukoni palepale unapoondoka kibandani, usingojee kukumbuka. Na msitoke kila saa kamili, maana aliye nje ya ukuta naye ana simu yenye saa.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, lisomeke bado, tia herufi za jina lako pembeni. Hakuna kuchana ukurasa, hakuna kuacha mstari mtupu.

Kuna mkono nyuma pale. Ndiyo, dada.

(Anauliza: na kama askari wa mchana anakataa kuzunguka?)

Swali zuri, maana ndiyo hali ya kila jioni. Usigombane naye. Usitie sahihi ya kupokea pia. Mwambie kwa upole, “Kaka, nenda, lakini nitaandika.” Wengi hapo hushusha begi. Akienda kweli, andika: “18:07 askari wa mchana ameondoka kabla ya kuzunguka pamoja. Nimezunguka peke yangu 18:09 hadi 18:31,” kisha uliyoyakuta, kisha simu kwa supavaiza na saa uliyopiga. Na ile jenereta uipime kwanza, dada, kabla ya kufuli.