Kutoka tanga hadi khanga: kuunga klipu zisizohusiana

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo nipo Mikindani, barazani, na simu ina klipu kama arobaini nilizopiga wiki nzima bila mpango. Kuna dau linatoka, khanga zimeanikwa uani, mama anabangua korosho, fundi anachonga kinyago, na sahani ya sambusa. Tunachukua hizo tano tu, tuzifanye hadithi ya nyumba moja, bila msimulizi na bila zile mbwembwe za picha kuzunguka na kupasuka.

Waliosoma ushairi wanakumbuka pindu: maneno yanayofunga ubeti huu ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Leo tunafanya pindu kwa picha. Klipu inafunga kwa umbo fulani, inayofuata inafungua kwa umbo lilelile, mahali palepale kwenye kioo. Jicho halihangaiki kutafuta pa kutazama, kwa hiyo akili inakubali kwamba hivi vitu viwili ni vya hadithi moja.

Hatua ya kwanza haihitaji programu yoyote. Zima sauti, fumba macho nusu, tazama klipu moja moja. Ukifumba nusu huoni tena dau, unaona mistari. Andika kwenye karatasi mistari hiyo na uelekeo wake. Mimi niliandika hivi: dau, mstari wa mshazari, juu upo kushoto, upepo unaenda kulia. Huo mstari ni foromali, ule mti unaobeba tanga. Nilipofika kwenye khanga nikaona kamba nayo imelala mshazari, kwa sababu upande mmoja imefungwa juu kwenye mwembe na upande wa pili chini kwenye nguzo. Khanga imevimba kwa upepo kama tanga. Hapo nikajua nina pindu.

Tatizo: kwenye klipu yangu kamba ilikuwa juu kulia, na khanga inapepea kushoto. Kinyume kabisa. Ukiunga hivyo, upepo unageuka ghafla katikati ya hadithi. Nikabonyeza Mirror, ikageuka vizuri, nikafurahi. Mpaka nilipoiweka kwenye kioo kikubwa, nikaona maandishi ya khanga yanasomeka kinyume. Huku kwetu hakuna atakayeliacha jina la khanga bila kulisoma. Tumia Mirror kwenye bahari au miti, siyo kwenye kitu chenye maandishi.

Kesho yake, saa ileile ili mwanga ufanane, nikarudi uani nikasimama upande wa pili wa kamba. Kamba ikawa juu kushoto, upepo kulia. Ila khanga sasa ilinionyesha mgongo wake, maandishi bado kinyume! Ikabidi nimwombe mama aigeuze. Akaigeuza, akacheka, akasema upepo wa leo ni mzuri kuliko wa jana.

Sasa fungua programu. Mimi natumia CapCut, lakini yoyote yenye tabaka mbili itafaa. Weka dau chini. Weka khanga juu yake kwa Overlay, kisha Opacity yake ishushe hadi 50. Sasa unaona zote mbili kwa pamoja, kama karatasi nyembamba juu ya picha. Peleka dau hadi fremu ambayo tanga limejaa kabisa, usiikate wakati limelegea. Kisha isogeze khanga, ikuze kidogo, izungushe kidogo, mpaka kamba ilale juu ya foromali. Yangu ilihitaji kuzungushwa nyuzi 4 na kukuzwa hadi asilimia 113. Ukizungusha lazima ukuze, la sivyo pembe za picha zinabaki nyeusi.

Usikuze sana. Kama umepiga 1080p na video yako ni 1080p, ukipita asilimia 120 uzi wa khanga unaanza kuwa ukungu. Ukipiga 4K una nafasi hadi mara mbili. Na usihangaike kulinganisha kila kitu. Mstari mmoja ukikaa vizuri unatosha. Kitumbo cha khanga si lazima kiwe sawasawa na cha tanga. Vikifanana mno mtu anaanza kushangaa ufundi wako na kusahau hadithi.

Zikishakaa, rudisha Opacity hadi 100, kata dau kwa Split pale khanga inapoanza, futa kinachobaki. Kujaribu, weka kidole kwenye ncha ya juu ya foromali, kisha cheza. Kama baada ya kukata kidole bado kiko kwenye kamba, umepatia. Sauti ya tanga kupigapiga itenganishe na picha kabla ya kukata, iendelee kama nusu sekunde juu ya khanga. Sikio linavuka daraja kabla jicho halijaona kwamba limevuka.

Muungano wa pili ni wa mwendo, na ni mwepesi kidogo. Mama anainua gongo, anashusha juu ya korosho. Fundi anainua nyundo, anashusha juu ya patasi. Usikate gongo likiwa limetulia juu, wala baada ya kugonga. Kata likiwa njiani kushuka, na klipu ya fundi ianze nyundo ikiwa njiani pia, mahali palepale. Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde, na mkono unashuka kwa fremu chache tu, kwa hiyo makosa ya fremu 3 yanaonekana. Mkono ukionekana umeshuka mara mbili, futa fremu mwanzoni mwa klipu ya fundi, moja moja. Ukionekana umeruka, rudisha. Kishindo unachosikia kiwe cha nyundo, kwa sababu ndicho kinachotua.

Sambusa je? Hiyo siiungi na dau. Pindu hukaa bega kwa bega, lakini vina hukaa mbalimbali, kila kimoja mahali pake kwenye mshororo, na sikio linakikumbuka kilichotangulia. Tanga lilikuwa pembe tatu, kushoto kwenye kioo, sekunde ya 3. Sambusa ni pembe tatu, nimeiweka kushoto vilevile, ncha juu, sekunde ya 41, jioni. Hakuna aliyeambiwa kwamba dau limerudi, lakini umbo limerudi. Baina yao nimeziondoa pembe tatu nyingine zote, pamoja na paa la jirani nililolipenda sana. Umbo likijirudia kila klipu halionekani tena.

Jambo moja kabla hujairusha. Kuunga hivi ni kudai. Nilimwonyesha yule mama video nzima, akatazama dau, akatazama khanga zake, akaniuliza, "Mwanangu, huyu baba uliyeniozesha ni nani?" Mumewe hajawahi kuvua, ni mkulima wa korosho. Alikubali ibaki, kwa sharti kwamba mumewe aione kwanza. Mzee aliitazama mara mbili, kimya, kisha akasema dau lile ni la mtu anayemdai.

Nikalitafuta dau jingine. Foromali yake ilikuwa imelala zaidi, nikazungusha khanga upya, nyuzi 6, asilimia 119.