Kwa Nini Betri ya Mama Si Kama ya Mzee Jirani

Shikamooni wazee wangu, na ninyi ndugu mliowasindikiza, karibuni. Kabla hatujaanza, mama aliyekaa pale mbele ameniuliza: "Daktari, mzee jirani yangu naye kawekewa betri ya moyo. Alivyotoka hospitali tu akaanza kupanda ngazi. Mimi mwezi wa pili huu, pumzi ni ileile. Yangu ni mbovu?" Ameniruhusu nimjibu mbele yenu, maana swali hili linawasumbua wengi.

Si mbovu, mama. Wote wawili mna kovu chini ya mtulinga, na vifaa vyenu kwa nje vinafanana, lakini kazi zake ni tofauti kabisa.

Mzee ana pesimeka. Umeme wa moyo huanzia chumba cha juu upande wa kulia, kisha hupita njia nyembamba kushuka vyumba vya chini. Kwake njia ile imekatika, vyumba vya chini vikawa vinajipigia vyenyewe, tuseme mara 34 kwa dakika. Akisimama, kizunguzungu, akitembea kidogo, anachoka. Pesimeka ina waya uliopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, na kupitia waya huo inasikiliza. Ikiwekwa kwenye 60, inasubiri sekunde moja. Moyo ukipiga wenyewe, inanyamaza. Usipopiga, inatuma umeme kidogo sana, volti mbili au tatu hivi, na mzee hasikii chochote. Misuli ya moyo wake ilikuwa na nguvu tangu mwanzo, ila ilikosa amri. Ndiyo maana alipata nafuu upesi.

Mama, moyo wako haukukosa amri. Unapiga mara 72, vizuri tu. Shida yako ilianza pale mshipa wa moyo ulipoziba, sehemu ya misuli ikafa na kuacha kovu. Tulipokupima kwa eko baada ya miezi mitatu ya dawa, chumba cha chini cha kushoto kilikuwa kinasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo, wakati cha mtu mzima wa afya husukuma zaidi ya nusu. Moyo wa namna hiyo una hatari moja kubwa: umeme unaweza kuanza kuzunguka lile kovu, mapigo yakapaa ghafla, kisha moyo ukabaki unatetemeka bila kusukuma damu. Mtu huzimia ndani ya sekunde chache.

Kwa hiyo tulikuwekea difibrileta. Ni mlinzi anayekesha. Haiongezi nguvu ya moyo, haizuii mshipa kuziba tena, na pumzi yako hailetwi nayo. Hiyo ni kazi ya vidonge vyako, kwa hiyo usiviache.

Tuchukue mfano. Umekaa unachambua mchele, mapigo yanaruka hadi 210. Kifaa kinayahesabu kwanza, kihakikishe si ya kupita tu. Halafu kinatuma mapigo madogo ya harakaharaka, yenye kasi kuliko ule mzunguko, ili kuukata. Mara nyingi yanatosha, nawe huenda usijue kitu. Yakishindwa, kinajijaza umeme kwa sekunde kadhaa, kisha kinapiga shoti. Ukiwa macho utaisikia kama teke la punda kifuani. Moyo ukizubaa baada ya hapo, difibrileta hiyohiyo inaweza kuuchochea kwa muda, kama pesimeka.

Sasa ninyi wa nyumbani. Ukiwa umemshika mama shoti ikipiga, utahisi ganzi kidogo, haikudhuru. Shoti moja, naye yuko sawa: pigeni simu kliniki siku hiyohiyo. Shoti mbili au zaidi kwa siku, au hata moja yenye kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi: hospitali mara moja. Akianguka asipumue, mkandamizeni kifua na muite msaada. Msikae kusubiri kifaa.

Wakati mwingine shoti hupigwa kimakosa, kwa sababu waya umekatika au chumba cha juu ndicho kinachokwenda mbio. Kwa macho hamwezi kutofautisha. Sisi tunaweza, maana kifaa huhifadhi mchoro wa mapigo yaliyotangulia kila shoti, nasi tunausoma kwa mashine.

Kwa mzee, hesabuni mapigo ya kifundo cha mkono dakika nzima. Kama kifaa kimewekwa 60 nanyi mnahesabu 40, au kizunguzungu kimerudi, mleteni.

Binti pale nyuma ameuliza, kwa sauti ya chini, itakuwaje mama akifikia siku zake za mwisho kwa ugonjwa mwingine: shoti zitaendelea kumpiga? Swali zuri, mwanangu. Shoti zinaweza kuzimwa kwa mashine tukiwa nje ya mwili, bila kisu wala maumivu. Kuzizima hakusimamishi moyo. Tunazungumza na mama mwenyewe mapema, akiwa na akili zake timamu, naye ndiye anayeamua.