Mahali pa Kukata Ua Lililonyauka

Mabibi na mabwana, wapenda bustani wenzangu wa Mombasa, leo nitazungumzia jambo moja: ua la marigodi au la jerania likishanyauka, likatwe wapi? Wengi wetu tunayaondoa maua makuukuu, lakini tunayaondoa mahali pasipostahili, kisha tunashangaa mmea kuacha kuchanua.

Marigodi ni mmea wa msimu mmoja, na hauna budi kuzaa mbegu kabla ya kufa. Ua likishachavushwa, mbegu huanza kuvuta sukari inayotengenezwa na majani, na mmea hupunguza kutoa matumba mapya. Mbegu hizo hazimo katika petali, bali zimo ndani ya kikombe cha kijani kinachozishika petali. Anayechomoa petali kavu na kukiacha kikombe ameupendezesha mmea kwa macho tu, kwani ulezi wa mbegu unaendelea kama kawaida. Pasueni kikombe kilichokauka mjionee: mbegu zimesongamana humo, nyembamba na nyeusi, zenye ncha za rangi ya majani makavu.

Chukulieni mche wa marigodi katika chungu kilichowekwa barazani, Mji wa Kale, mwezi wa Juni baada ya masika, wenye vichwa viwili vilivyokwisha. Shukeni na kikonyo cha kila kichwa hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani yaliyo mazima, kisha kateni juu yake kidogo kwa mkasi mkali, kwa maana kwapani mwa majani hayo ndimo machipukizi yanamotokea, na kila chipukizi laweza kubeba tumba lake. Msichanganye tumba na kichwa kilichokwisha: tumba ni fupi na gumu, ilhali kichwa kilichokwisha ni kirefu zaidi, hulegea kikibonywa, na petali zake zimesinyaa. Upitieni mche mara mbili kwa wiki.

Jerania ina namna yake, kwa kuwa maua yake madogo hukaa katika kishada na kunyauka kwa zamu. Yachumeni yaliyonyauka moja moja, na kishada kikishakwisha, inamisheni kikonyo chake kirefu pale kinapoungana na shina. Kitavunjika chenyewe, bila mkasi. Kisiki kikiachwa huoza, hasa masika, na ukungu wa kijivu huanzia hapo na kuingia katika shina.

Hata hivyo, wakati wa kaskazi jerania yaweza kuacha kuchanua kwa sababu ya joto, na hapo kukata maua hakutasaidia. Isogezeni mahali penye kivuli cha alasiri. Vinka, kwa upande wake, haihitaji mkono wenu, kwani huyaangusha maua yake yenyewe. Na anayetaka mbegu za marigodi aache vichwa vichache mwishoni mwa msimu, vikauke juu ya mche hadi kikombe kigeuke rangi ya kahawia, ndipo avichume siku isiyo na mvua.